Barza Iliyozibwa

Mayimuna alirudi kutoka Kapolowe, alikokwenda kumtunza dada yake aliyejifungua, akakuta nyumba yake haina uso. Barza pana ya nyumba yao ya Shituru, ambayo wajenzi wa zamani waliiweka upande wa magharibi, ilikuwa imezibwa kwa matofali ya saruji kutoka nguzo hadi nguzo. Katikati waliacha kidirisha kimoja na mlango wa bati.

Kwenye barza ile ndiko alikokuwa akishona. Hata Oktoba, mchana ukiwa mkali kiasi gani, jua liliishia sakafuni, mbali na ukuta wa chumba cha kulala.

"Ni chumba ya Souleymane," mumewe Asani alimwambia, akiwa bado na funguo za lori mkononi. "Mudogo yangu anaoa. Ile nafasi ilikuwa inalala bure."

"Bure? Na miye nilikuwa nashonea wapi, Baba Dodo?"

"Utashonea ndani, Mama Dodo. Ndani mule hakuna nafasi?"

Nafasi ilikuwapo, lakini mwanga haukuwapo, wala upepo. Kwa ajili ya bibi harusi, Mayimuna alihamishia cherehani sebuleni. Rachida aliletwa, msichana mpole kutoka Kikula, akatandika kitanda chake ubavuni mwa ukuta mpya.

Joto la Septemba lilipofika, ukuta ule ulianza kuwatesa. Asubuhi ulikuwa baridi kama kuta nyingine. Alasiri jua liliuchoma moja kwa moja hadi lilipozama, na usiku matofali yakaanza kurudisha kwa utulivu kila yalichomeza mchana. Rachida alitundika pazia zito dirishani. Halikusaidia, kwa sababu joto lilikuwa limeshaingia ndani ya ukuta na ndani ya kioo. Hatimaye maarusi wakabeba godoro wakalala sebuleni, miguu yao ikigusa cherehani.

"Yaya, dada yangu, nisamehe," Rachida alinong'ona, akikunja shuka kabla Asani hajaamka. "Mule ndani siwezi kupumua."

"Si kosa yako," Mayimuna alisema. Moyoni alikuwa akichemka.

Alimwambia mumewe wabomoe. Asani alikataa kata kata. Majirani wangesema hajui anachofanya. Badala yake alimwita Bertin, mwashi aliyejenga ukuta ule, akaongeza kipaa cha bati juu ya dirisha, kifupi kama ukingo wa kofia. Saa sita kilitoa kivuli kizuri, na Asani akatembea mbele yake akijisifu. Saa kumi jua lilishuka, likapita chini ya bati na kujaa ukuta mzima.

"Angalia sasa!" Mayimuna alimvuta mkono hadi uani. "Jua ya magharibi haitoke juu. Inakuja mbele, inakuangalia mu macho. Utaikingaje na kofia?"

"Basi ongeza urefu wa bati," Asani alimwambia Bertin kwa hasira.

Bertin alikuna kichwa. "Patron, hata tukiitoa mbali, jua ikishuka itaingia chini. Inafaa kitu chenye kusimama mbele yake. Na kisigusane na ukuta, upepo upite katikati."

"Na hilo ungeniambia siku ya kwanza!"

"Siku ya kwanza uliniomba chumba."

Mayimuna nusura acheke. Asani na Bertin walisimamisha nguzo za mikaratusi mbali na ukuta, juu yake wakaezeka bati refu lenye kuinama, na kati ya nguzo Mayimuna na Rachida wakafunga fito za mianzi kutoka juu hadi usawa wa magoti. Nguzo zilisimama katikati ya shamba lake dogo la lenga-lenga. Aling'oa mboga zikiwa changa, akazipika jioni hiyohiyo bila hamu.

Ukuta ukapoa. Alasiri Mayimuna aliuwekea kiganja, akakiacha hapo bila kuungua. Maarusi walirudi chumbani kwao. Asani akavuta kiti chini ya bati jipya, akanyoosha miguu.

"Unaona, Mama Dodo? Sasa tuko na barza muzuri."

Mayimuna alikuwa amebeba cherehani kifuani. Alimtazama mumewe, akatazama ukuta wa saruji nyuma yake, na nyuma ya ukuta huo, gizani, barza ya kwanza.

"Tulikuwa nayo," alisema.

"Unasema nini?"

"Nasema simama. Hapo ndipo kuna mwanga, na batu banangojea nguo zao."

Asani alisimama, akahamisha kiti chake uani, juani.