Bei ya Simu ya Mama

Mama tulimzika Jumamosi, na Jumatano iliyofuata nikafungua kibanda. Majirani waliniuliza mbona haraka hivyo. Nyumbani nilikuwa nikikaa tu kwenye kiti nikitazama ukuta, na kibandani angalau kuna kitu cha kushika.

Kibanda changu kiko mjini Kakamega, karibu na soko, kimebanwa kati ya kinyozi na mwanamke anayeuza mitumba ya watoto. Nanunua simu zilizotumika, nazisafisha, natengeneza zinazotengenezeka, kisha nauza. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Wiki ile ya kwanza nilinunua simu nne na kuuza tatu, na sikumbuki uso wa mteja hata mmoja. Nakumbuka simu zenyewe. Moja ilikuwa na ufa kwenye kona. Nyingine spika yake ilikuwa inakwaruza.

Jumatatu, kaka yangu akaja. Yeye ndiye mkubwa wetu, na ndiye anayekaa nyumbani Likuyani na mkewe, wanalima mahindi kwenye shamba lile lile tulikolelewa. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi. Akaketi kwenye stuli ya wateja, akatoa simu ya Mama iliyofungwa kwa leso.

"Tumekaa na ndugu wengine tukaongea," akasema. "Vitu vya Mama tumegawa. Hii hatujui tumpe nani. Wewe ndiye unajua simu. Iuze, pesa iingie kwa ile ya kujengea kaburi."

"Sawa," nikasema.

"Uko sawa wewe?"

"Niko sawa."

Ile simu ni mimi mwenyewe niliyemnunulia Mama, mpya, dukani, miaka mitatu kabla hajafa. Ilinigharimu elfu kumi na nne na mia tano. Kaka aliikumbuka hiyo bei vizuri.

"Elfu kumi haitatoka?" akauliza.

Nilitandika kitambaa changu cha kijani, nikaiweka simu katikati, nikaanza kuikagua kama ninavyokagua simu ya mtu yeyote.

Kwanza naanza na mwili. Naigeuza kwenye mwanga, natafuta nyufa, natafuta mahali palipobonyea. Napitisha ukucha kwenye maungio ya kioo na kava la nyuma, kwa sababu betri ikivimba, mgongo huinuka na ukucha unapita. Ukucha haukupita. Kioo kilikuwa bado na ile karatasi nyembamba ya kiwandani, imeandikwa maneno ya kutangaza kamera. Watu huibandua siku ya kwanza. Mama hakuibandua.

Kisha tundu la chaji. Nikamulika kwa tochi. Simu za watu wa mashambani hujaa vumbi na nyuzi za mfukoni, hadi waya wa chaji unakataa kuingia vizuri. Tundu hili lilikuwa safi kabisa.

"Namba ya kufungua ni ngapi?" nikamwuliza kaka.

"Mwaka uliozaliwa wewe."

Nikaiandika. Ikafunguka. Nikajaribu kioo kwa kidole kila pembe, nikapiga picha mbele na nyuma, nikarekodi sauti yangu nikihesabu moja hadi tano na kuisikiliza. Nikaweka laini yangu, nikapiga simu ya kinyozi. Akapokea, akasema ananisikia vizuri. Nikabonyeza nyota, alama ya reli, sufuri sita, reli, namba ya utambulisho wa simu ikatokea, na ikalingana na ile iliyo kwenye boksi ambalo kaka alikuwa amelileta kwenye mfuko wa plastiki. Mama alikuwa amelitunza boksi. Risiti pia ilikuwa ndani, yenye jina langu.

Ikabaki betri. Hiyo ndiyo watu hawaioni kwa macho na ndiyo inayokula bei. Nina laptopu ya zamani yenye programu ya kupimia, na simu zinazokubali hutoa namba mbili. Namba ya kwanza ni afya, yaani betri inaweza kubeba kiasi gani ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Ikishuka chini ya asilimia themanini, mimi huondoa gharama ya betri mpya kwenye bei, kwa sababu mnunuzi atairudisha baada ya wiki moja akilalamika. Namba ya pili ni mizunguko. Chaji kamili ya kutoka sufuri hadi mia ni mzunguko mmoja, hata kama umeijaza kidogo kidogo. Mtu anayetumia simu kama watu wengine hupita mizunguko mia mbili kwa mwaka.

Afya ilisoma tisini na moja. Mizunguko, hamsini na nane.

Nilidhani programu imekosea. Nikachomoa waya, nikachomeka tena. Hamsini na nane. Nikaamua kuhakikisha kwa njia ya kawaida. Nikawasha mwanga wa kioo hadi mwisho, nikacheza video nusu saa nzima, nikatazama asilimia. Ilishuka saba tu, wala haikupata joto.

"Mama alikuwa anafanyia nini hii simu?" nikamwuliza kaka.

"Hiyo? Alikuwa anaizimanga." Alisema hivyo kana kwamba ni jambo ninalolijua. "Alikuwa anaiweka kwa sanduku, pamoja na vitenge. Jumapili akitoka kanisa anaiwasha, anakaa nayo pale mlangoni. Mkimaliza maongezi anaizima tena, anarudisha. Vitu vingine vyote alikuwa anatumianga simu yangu."

"Aliniambia mtandao ni mbaya."

"Mtandao uko sawa. Alisema umeinunua kwa jasho, haitazeekea kwa mikono yake."

Nilikuwa nikimpigia Mama kila Jumapili saa nane. Siku nyingine nikikumbuka jambo na kupiga, hapatikani. Nilimgombeza mara kadhaa. Nilimwambia simu si sahani ya wageni. Yeye alicheka tu.

Nilingoja kitu kinijie kifuani. Hakikuja. Nilichofikiria wakati ule, nasema ukweli, ni kwamba betri isiyotumika nayo huzeeka, ndiyo maana haikuwa mia, na kwamba hiyo tisini na moja itaongeza mia tano kwenye bei.

"Elfu tano na mia tano," nikamwambia kaka. "Hiyo ndiyo bei nitakayomuuzia mtu. Mimi sichukui faida."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Simu mpya hivi? Hata karatasi haijatoka!"

Nikamweleza polepole. Simu ni safi, lakini ni ya zamani. Kampuni haiiletei tena masasisho ya programu. Kumbukumbu yake ni ndogo, na wanafunzi wa chuo, ambao ndio wengi katika wateja wangu, wakiona ndogo hivyo wanairudisha mezani bila hata kuuliza bei. Wanataka kamera na nafasi ya picha. Vijana wa bodaboda wanataka spika kubwa, na hii ina sauti ya chini. Wiki hiyo peke yake ningeweza kumwonyesha simu tatu za aina hiyo hiyo kwenye kabati za vioo za jirani zangu, zimekaa tu.

"Zunguka uulize," nikasema. "Usiwaambie ni ya nani."

Akazunguka. Alirudi baada ya saa nzima, jasho limemtoka, koti amelibeba mkononi. Wa kwanza alimpa elfu tatu. Wa pili elfu tatu na mia tano, kwa sababu ya boksi. Wa tatu hakuitaka kabisa.

"Fanya hiyo yako," akasema.

Nikaondoa akaunti ya Mama kwenye simu, kwa sababu isipoondolewa kwanza inaweza kumfungia mnunuzi nje. Kabla sijaifuta, kaka aliuliza kama kuna picha. Zilikuwa kumi na moja. Tisa ni za sakafu na kidole chake. Mbili ni za ng'ombe. Nikazituma kwenye simu yake zote, hata za sakafu, kisha nikaifuta. Ilichukua dakika nne.

Simu ilikaa kwenye kabati langu la kioo siku sita. Siku ya saba, mwanamke mmoja wa makamo aliyejifunga buibui akasimama mbele ya kibanda.

"Salaam aleikum, dada."

"Waleikum salaam, mama. Karibu."

Alitoka Matungu, nyumbani kwao wanalima miwa. Mwanawe yuko ng'ambo, anataka kumwona uso wakiongea. Umeme hawajaunganishiwa, wana sola ndogo. "Sitaki mambo mengi," akasema. "Nataka ikae na moto, chaji isiishe upesi."

Nilimtolea ya Mama. Nikamwonyesha namba kwenye laptopu, nikamwambia na ubaya wake, kwamba kumbukumbu ni ndogo na haitapata masasisho. Akaniambia elfu nne na mia tano. Nikasema tano na mia tano. Akapanda hadi tano.

"Hiyo betri, mama, hutaipata kwingine hapa mjini," nikasema. "Hiyo ndiyo unalipia."

Akafikiri. Akalipa yote. Alipokuwa akiifungia kwenye mkoba wake akauliza aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa namna gani.

"Mtu mwangalifu," nikasema. Nikatuma pesa kwa kaka na kuendelea na kazi.

Mchana huo huo kijana mmoja alileta simu kali, karibu mpya, anaiuza elfu kumi na mbili. Nilitazama kioo. Nilitazama betri, asilimia tisini na sita. Nikalipa. Kuna simu zinazouzwa kwa mkopo, mtu analipa kidogo kila siku, na asipolipa kampuni inaifunga kutoka mbali. Kuzitambua ni kazi ya dakika moja. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta programu ya kampuni inayoishikilia. Mwanafunzi wa wiki moja anajua kufanya hivyo. Mimi sikufanya.

Siku ya pili asubuhi ilikuwa imejifunga, maandishi yamejaa kioo chote yakidai malipo. Niliishika mkononi. Mwanamke wa mitumba akaja kuuliza kama nina chenji, akaniona, akachukua ile simu na kuisoma.

"Wewe?" akasema. "Wewe ndiye umenunua hii?"

"Ndiyo."

"Funga kibanda," akasema. "Uende nyumbani. Si kwako hapa mjini. Kwenu."

Nilifunga. Nilifika Likuyani saa kumi jioni. Wifi yangu alikuwa uani, ameketi juu ya turubai akipukuchua mahindi, na hakusimama. Alisogea kidogo tu, akanisukumia hindi moja. Nikaketi. Tulipukuchua hadi debe likajaa. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema sijala tangu jana. Akaniambia obusuma, ule ugali wa kwetu, iko jikoni, nikajipakulie mwenyewe. Nikaenda nikajipakulia.