Hundi ya Ng'ombe Mmoja

Nilikuwa karani mpya katika benki moja mjini Sotik, na sheria ya hundi niliyofundishwa chuoni niliiamini kama amri za kanisani. Asubuhi moja mama aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa alinipa hundi ya mnunuzi, akisema binti yake anatakiwa shuleni siku hiyo na karo mkononi. Tarakimu zilisema 16,000, lakini maneno yalisema shilingi elfu kumi na tisa. Mkuu wangu alikagua sahihi na salio la mnunuzi, akaniruhusu kulipa kiasi cha maneno, kama sheria inavyoelekeza.

"Mama, maneno ndiyo yanayoshinda," nilimweleza kwa fahari. "Utapata kumi na tisa."

"Tulipatana kumi na sita."

"Lakini sheria iko upande wako."

"Sheria haikuwa pale zizini, kijana wangu. Tulikuwa sisi wawili."

Nilimkumbusha karo. Aliikunja hundi na kuifunga katika kitambaa chake.

"Mtoto atachelewa siku moja. Huyo mnunuzi anakaa kule Sigowet; nitamfuata arekebishe."

Alirudi kesho yake, viatu vimejaa matope. Mnunuzi alikuwa ameyakata yale maneno, akaandika mengine na kutia sahihi kando ya marekebisho. Nilipohesabu elfu kumi na sita nilikosea, nikaanza upya, kwa maana sikuwa nimewahi kumhudumia mtu wa namna ile.

"Hesabu polepole," alisema. "Shule imeshangoja tangu jana."