Wasifu wa Maneno Kumi na Tisa

Safari nne za Babati, vocha sita za simu, na uso wa baba yangu mbele ya wanafunzi wake. Hiyo ndiyo bei niliyolipa ili jarida moja la Dar es Salaam lichapishe makala yangu. Nimehesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea. Sijakosea.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na intaneti niliyoweza kuitegemea ilikuwa Babati. Kutoka kwetu Dongobesh nilipanda basi dogo, nikalipia nusu saa ya kompyuta, nikamtumia mhariri pendekezo langu: nataka kuandika juu ya kilimo cha vitunguu saumu Mbulu.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. "Hiyo ni mada, ndugu. Wazo liko wapi?"

Alinikera, lakini alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nimeuza vitunguu saumu misimu mitano, na hakuna mnunuzi aliyewahi kunilipa kwa kumwambia tu kwamba shambani kuna vitunguu. Nikarudi Babati na wazo. Nitafuata gunia moja la lumbesa, lile linaloshonewa kichwa juu ili libebe zaidi kwa bei ileile. Nitalipima Dongobesh, nitalipima tena sokoni Arusha, nieleze zile kilo za juu zinaishia kwa nani. Kichwa cha habari: "Gunia Lenye Vichwa Viwili". Mwisho nikaweka wasifu: "Mwandishi wa kujitegemea, mkazi wa Dongobesh, mtoto wa mwalimu. Amewahi kuuza vitunguu saumu."

Akanitaka nimpigie. Nikapanda kilimani kwenye mtandao, nikamsalimu inavyopasa: yeye, nyumbani, kazi, mvua ya huko. Vocha ya kwanza ikaishia kwenye mvua. Ya pili nikaanzia katikati.

"Wazo zuri," alisema. "Ila kichwa tuweke 'Machozi ya Wakulima wa Manyara'."

"Hakuna aliyelia, mzee. Wametukana tu."

"Haya, kichwa chako kibaki. Lakini wasifu huu haunisaidii. Watoto wa walimu wamejaa hapa ofisini. Nyumbani hamna ng'ombe?"

"Watatu. Na ndama."

"Si ndiyo hayo! Weka wafugaji."

"Weka 'familia ya wakulima na wafugaji'. Mwalimu abaki."

"Tumekubaliana, kaka yangu."

Nikashuka kilimani nikijipongeza. Kichwa changu kimebaki, gunia limebaki, baba amebaki, nami nimetoa ng'ombe watatu ambao hata hivyo hawakutoka zizini. Biashara gani nzuri zaidi ya hiyo?

Makala ilitoka. Kila kilo ilikuwa mahali pake. Chini yake, kwa herufi za mlazo: "Amekulia nyuma ya ng'ombe katika nyanda za Hanang. Ni wa kwanza kusoma katika ukoo wao. Kalamu ndiyo fimbo yake."

Kalamu ndiyo fimbo yake! Hanang mimi nauona mlima wake kwa mbali, kama msafiri yeyote. Wachungaji wa huko wakinipa kundi asubuhi, jioni nitarudi na nusu.

Mwenye duka la dawa za mifugo alinunua jarida hilo Arusha. Baba alipopita kununua sabuni, akiwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya Dongobesh, jamaa alisimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Kumbe ukoo wenu ulikuwa haujasoma? Sasa mimi ulikuwa unanichapa kwa cheti gani?"

Duka zima likacheka. Baba aliacha sabuni mezani.

Nikampigia mhariri, safari hii bila kuuliza mvua. Nilitaka masahihisho.

"Tutaweka ukurasa wa barua, nafasi ikipatikana," alisema. "Lakini mbona unalalamika? Wasomaji wameupenda wasifu kuliko makala. Niletee wazo lingine, safari hii la ng'ombe."

Nikakata simu na salio likiwamo, jambo ambalo sijawahi kufanya tena.

Jioni nilikwenda kwa baba. Nikasalimu, akaitikia bila kunitazama. Nikaanza kueleza: mhariri, makubaliano, neno alilolifuta bila kuniuliza. Nilimwambia mimi nilipigania abaki.

"Ulinipigania kwa bei gani?"

"Ng'ombe, baba. Nilimwachia ng'ombe tu."

"Kwa hiyo uliniweka mezani, mimi na ng'ombe tukapangiwa bei."

Nikavuta kigoda karibu yake.

"Sekondari nilikulipia miaka minne," alisema. "Kiasi unakijua, wewe ndiye mwenye hesabu. Kama walikusomesha ng'ombe, kawalipe wao. Kama ni mimi, nirudishie ada yangu."