Kontra ya Base na Vibao vya Mzee

Nilipomaliza masomo ya jioni ya kuandika vibao, herufi zangu zilikuwa nzuri hata ndege wa angani walisimama kuzisoma. Watu wawili wakanitaka kwa wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa mkubwa wa wapaka rangi kule Base, kambi ya ndege za jeshi: kontra, yaani mkataba wa kazi, ya miaka mitatu, posho kila wiki, nyumba ya matofali kambini. Wa pili alikuwa mfanyabiashara mzee, Mwislamu wa asili ya Maniema, aliyetaka vibao vya maduka yake kutoka Kamina hadi Mulongo. Kwake hakuna kontra: kibao kikiisha, kazi imeisha mpaka akuite tena.

Bibi yangu niliyemuoa alikuwa na mimba ya miezi minane, nasi tulilala kwa kaka yake, chumba kimoja na mbuzi. Nyumba ilitakiwa kabla ya mtoto. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye vibao. Base walinipa mwezi wa kujaribiwa, nikaandika DÉFENSE D'ENTRER, yaani hakuna kuingia, kwenye milango elfu kumi, bila ruhusa ya kupinda hata mkia wa herufi.

Nikauliza shauri. Mwalimu wangu alisema kontra. Jirani fundi wa viatu alisema mtu wa kontra anaomba ruhusa hata ya kukohoa. Asubuhi nilimkubali mwalimu, saa sita nikamkubali fundi, jioni nikabishana na miye mwenyewe.

Mwezi ukikaribia kuisha, mkono Base, kichwa dukani, niliandika mlangoni pa ghala la mafuta ya ndege: CHUMVI, VITENGE, SAMAKI YA KISALE. Rangi haijakauka, bibi za maaskari wamepanga mstari na vikapu, nusu ya jeshi nyuma yao.

Mkubwa alisoma polepole, kisha akanigeukia.

“Weye, unatumika kwa nani?”

Akaniambia nifute, na kesho nije kwa kalani, mwandishi wa ofisi, kutia sahihi kontra ao kurudisha burashi.

Nyumbani bibi yangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kicheko kilipokwisha akasema, “Bibao biko bizuri. Lakini minyi siwezi kuzaa ndani ya kibao.”

Kesho yake nilimuuliza kalani kama mtu wa kontra anaweza kuandikia mwingine siku ya Mungu. Alipitisha kidole kwenye karatasi: bila ruhusa ya mkubwa, hapana. Nikaomba hiyo ruhusa iandikwe. Alinitazama kana kwamba nimeomba ndege ya jeshi. Akaenda kwa mkubwa, akarudi: Jumapili tu, na rangi isiwe ya Base. Nikatia sahihi.

Mzee wa maduka alinisikiliza akipima chumvi. Maduka ya Kamina, alisema, yanafunguliwa wiki hii. Amekwisha kumwita mwandishi mwingine.

“Ya Mulongo njo inaweza kungoja, mwanangu. Hiyo utafanya.”

Jumapili ya kwanza katika nyumba ya matofali, nililaza ubao wa Mulongo sakafuni. Bibi yangu, mtoto bado tumboni, aliuliza kama hii ni kazi ao ni kupumzika, maana alitaka nimletee maji. Nilimwambia sijui, nikachukua ndoo.