Sifuri kwenye Ankara ya Mama Modesta

Dukani kwa Joram, kule Nkende, wachimbaji walikopeshwa pampu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Bhoke, mdogo wake, alishika hesabu. Kila ankara ilipigwa picha, kompyuta ikachukua tarakimu zake. Mjinga sana chombo kile! Kikikuta mhuri wa IMELIPWA KIASI, kilibeba jumla yote kikaiweka kwenye salio, na kisanduku cha iliyolipwa kikaachwa wazi, maana kiasi hicho kiliandikwa kwa peni ndani ya mhuri. Bhoke alizirekebisha moja moja.

Ya Mama Modesta aliijaza kwa furaha: jumla 2,400,000, iliyolipwa 1,500,000, salio 900,000. Bhoke ndiye aliyemshawishi mjane huyo kununua karasha kwa mkopo. "Hesabu yako nitaishika mimi, mama," alimwambia. Na mkataba ulisema aliyekwisha kulipa nusu hanyang'anywi.

Asubuhi ya Alhamisi Mama Modesta aliingia na nguo za vumbi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Vijana wa kaka yako walibeba karasha langu jana. Wanasema sijalipa hata senti."

Bhoke akafungua ankara kwenye kompyuta. Iliyolipwa: 0. Salio: 2,400,000. Chini yake: Imerekebishwa na Bhoke, Jumanne saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo alikuwa kwenye kwaya, na Mama Modesta alikuwa akiimba sauti ya pili pembeni yake! Nywila yake, ufunguo wa kuingilia kwenye hesabu, alikuwa amempa mtu mmoja tu, kaka yake, aliyemlipia ada tangu baba yao afariki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Joram alitoka chumba cha ndani. Tangu mashimo mapya yafunguke bei ya karasha ilikuwa imepanda maradufu, na la Mama Modesta lilikwisha kupata mnunuzi.

"Kompyuta imesoma vibaya," alisema.

"Kompyuta ikishindwa kuona malipo huacha wazi, kaka. Haiandiki sifuri. Sifuri imeandikwa na mtu."

"Basi soma jina la huyo mtu." Akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwa mteja, bila hata kupepesa macho.

Mama Modesta akasoma polepole. Bhoke alitaka kulia, akataka kumpiga kaka yake. Badala yake akaifungua ile picha ya ankara, ambayo Joram hakukumbuka kuifuta, na mhuri ulikuwepo, na maandishi ya peni yalionekana: 1,500,000. Akaichapisha mbele ya kaka yake.

"Chukua, mama. Tulikuwa wote kwaya Jumanne, unajua. Twende ofisi ya kata sasa hivi, nitasema yote."

Mama Modesta aliikunja karatasi, akaitia kifuani pamoja na ankara yake halisi aliyokuja nayo.

"Najua ulikuwa kwaya," alisema. "Lakini ufunguo wa hesabu yangu ulimpa nani?"

Mama Modesta akaenda kata peke yake.