Mguu wa Mama Gerald na Karatasi ya Babati

Watu wa Endasak husema Natalia alizaliwa amesimama. Ni uongo, lakini ukikaa naye siku moja utausadiki. Uji hunywa amesimama. Maharage huyachambua amesimama, ungo ukiwa juu ya pipa. Kanisani padri akiwaambia waumini waketi, yeye huinama kidogo tu, kwa heshima. Kwa hiyo safari ya Songea ilimwonea. Binti yake Irene alijifungua, bibi akaenda kumwona mjukuu, na wakati wa kurudi akakalishwa kwenye mabasi siku mbili, ndoo ya dagaa ikiwa imebanwa katikati ya miguu. Aliposhuka Babati mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka kifundoni hadi karibu na goti, na kiatu kilimkataa.

Gerald, mwanawe wa kwanza, anauza sola pale Babati. Aliuona ule mguu, akatoa simu, akasoma. Simu ikamwambia kwamba mtu akikaa sana safarini damu inaweza kuganda mguuni, na donge likichomoka likafika kwenye mapafu, linaua. Hayo ni kweli, na hakuna aliyemlaumu kwa kuogopa. Kosa lake ni kwamba hakumpeleka mama kwa daktari. Alimpeleka moja kwa moja kwenye maabara, akaagiza kipimo cha damu kama mtu anavyoagiza soda: nipe D-dimer moja.

Jibu lilikuja kesho yake, Natalia akiwa amesharudi Endasak kwa wifi yake Scolastica. Elfu moja mia sita na ishirini. Pembeni waliandika kwamba mwisho wa kawaida ni mia tano, na kulikuwa na mshale unaotazama juu. Gerald aliipiga picha ile karatasi akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kundi hilo lina watu arobaini na mmoja, na aliyekaribia udaktari ni binamu mmoja anayefuga nguruwe na kuwachoma sindano mwenyewe. Kufikia saa nne asubuhi kundi lilikuwa limeshamaliza uchunguzi. Mama ana donge. Mshale unaonyesha kwamba linapanda.

Amri zikafuata. Mama asikanyage chini. Mama asicheke. Mama asipande pikipiki, maana mashimo yatalitikisa donge. Scolastica, ambaye maisha yake yote alitamani kumwona wifi yake amelala, alizitekeleza amri kwa furaha ya askari mpya. Natalia aliwekwa kitandani, mguu ukazungushiwa mito kila upande, na kila alipotaka kwenda chooni waliitwa watu wanne.

Siku ya pili wanajumuiya walikuja kumwimbia mgonjwa. Kwa bahati mbaya nyimbo walizokuwa wamefanyia mazoezi wiki ile zilikuwa za mazishi, wakaona si vizuri kuimba wasizozijua. Waliimba vizuri sana. Natalia, akiwa anatetemeka kwa baridi chini ya mablanketi mawili, aliangalia dirishani akaona vijana wanafunga turubai.

"Wifi, turubai la nini?"

"La jua," alisema Scolastica. Mvua ilikuwa inanyesha.

Usidhani Natalia alinyamaza kwa ujinga. Alinyamaza kwa sababu ya Gerald. Mume wake Hhando alikufa Jorodom, alfajiri ile ya Desemba mwaka 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang. Natalia alikuwa huku Endasak. Jioni ya kuamkia siku ile Hhando alimpigia mwanawe simu akasema kijito kinalia vibaya, na Gerald akamjibu, "Lala, baba, kutakucha." Tangu hapo Gerald hakuacha dalili yoyote ipite. Breki ikilia, anauza gari. Mbwa akibweka, anahesabu watoto. Ungemwambiaje mtu kama huyo kwamba karatasi ni karatasi tu?

Siku ya tatu asubuhi Gerald alifika mwenyewe, macho mekundu, na pakiti ya dawa za kuzuia damu isigande. Alizipata dukani kwa kuonyesha ile picha ya karatasi. Akatoa kidonge kimoja na kikombe cha maji.

Hapo ndipo Natalia alipoogopa kweli. Mwaka juzi alitapika damu. Vidonda vya tumbo, waliomtibu walisema, vilivyochokozwa na dawa za maumivu, wakamwongezea chupa mbili za damu. Scolastica alijua, Gerald hakuambiwa, kwa sababu angemhamishia Babati siku hiyohiyo. Damu inayotoka tumboni ikikutana na dawa ya kuizuia isigande, nani ataifunga? Natalia alitia kidonge mdomoni, akanywa maji, na Gerald alipogeuka akakitema akakifungia kwenye pindo la kanga.

"Kingine jioni," Gerald alisema.

"Jioni nitakuwa kwa daktari," alisema Natalia. "Nipelekeni Katesh, la sivyo nitakwenda kwa miguu."

Tisho la miguu lilitosha. Kitanda, pamoja na Natalia, kilipandishwa kwenye tela la trekta, watu wanne wakashika miguu ya kitanda, na trekta likaamriwa litembee mwendo wa maandamano. Mbele alitangulia mtu na kitambaa chekundu. Njiani walipitwa na bodaboda, na bibi mwenye mzigo wa kuni, kisha na ng'ombe wa Gidahosh, mfugaji mmoja wa Kibarbaig anayefahamiana na familia. Gidahosh mwenyewe alisimama, akaegemea fimbo, akasalimia kila mtu kwa mpangilio wa umri kabla ya kuuliza.

"Mnamzika au mnamtibu?"

"Mguu umevimba," alisema Gerald. "Damu imeganda. Kipimo kimesema."

"Mmeangalia kwato?"

"Mzee, huyu si ng'ombe."

"Najua si ng'ombe. Ng'ombe akivimba mguu mimi naanza kuangalia chini, ndipo napanda." Akawapigia mluzi ng'ombe wake wakaondoka, akiwaacha nyuma kwa urahisi kabisa.

Hospitalini Katesh walipokewa na daktari Rogathe, dada mwembamba wa hapohapo Hanang, mjamzito wa miezi saba, asiyeshangazwa na kitu. Alitazama kitanda kikiingizwa mlangoni kwa ubavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba nishuke."

Gerald alimpa karatasi kwa mikono miwili. Rogathe aliisoma, akaikunja, akaiweka mezani kifudifudi, akaanza na mguu. Alizungusha utepe kwenye mashavu ya miguu yote miwili: la kushoto lilizidi kwa sentimita nne. Alibonyeza, akashika ngozi, akaona wekundu na joto. Akapima homa, ipo. Kisha akachukua tochi akapanua vidole vya mguu kimoja kimoja. Kati ya kidole kidogo na jirani yake ngozi ilikuwa imepasuka, nyeupe, imelowana.

"Dagaa," alisema Natalia kwa aibu. "Ndoo ilivuja njia nzima kutoka Songea."

"Amelala siku ngapi?" aliuliza Rogathe.

"Tatu, daktari," alisema Scolastica akijivuna. "Hajakanyaga chini hata mara moja."

Rogathe aliandika kitu. "Basi mmemwongezea alama. Sisi tuna orodha ya kupima nani wa kumshuku donge. Kulazwa siku tatu kumo. Alipofika kutoka Songea alikuwa na alama pungufu kuliko sasa."

Watu wanne wa kitanda walitazama sakafu.

"Lakini kipimo kiko juu," alisema Gerald. "Mara tatu ya kawaida."

"Kaa, kaka. Damu ikiganda mahali popote mwilini, mwili unaanza kulivunjavunja lile ganda, na vipande vinaelea kwenye damu. Kipimo hiki kinahesabu vipande. Hakisemi vimetoka wapi. Ukikuta pumba njiani unajua kuna mtu kakoboa mahindi. Humjui ni nani. Maambukizi yanakipandisha. Upasuaji, jeraha, saratani. Umri pia: mama ana miaka sitini na sita, hata akiwa mzima hatumpimi kwa ile mia tano. Mimi na hili tumbo ukinipima sasa, mshale utatazama juu. Utaniletea turubai?"

"Sasa kina faida gani?"

"Kikiwa chini, kwa mtu ambaye simshuku sana, kinanisaidia kumwambia arudi nyumbani. Kikiwa juu kinaniambia niendelee kutafuta. Basi. Hakijamhukumu mtu. Wala hakijamwachia, kwa hiyo tunaangalia." Akamgeukia Natalia. "Mama, umewahi kutokwa na damu? Tumboni, puani?"

Natalia alimtazama Gerald, akafungua pindo la kanga, akakiweka kile kidonge mezani juu ya karatasi. Kilikuwa kimelainika.

"Mwaka juzi nilitapika damu, nikalazwa," alisema. "Hukuambiwa, Gerald. Nilisema usiambiwe."

Gerald alitoa pakiti mfukoni akampa daktari, na mkono wake ukabaki hewani kama amesahau kuushusha. Nusura amuue mama yake kwa kumwokoa, na alilijua hilo pale pale.

Rogathe alivuta mashine ya ultrasound. Akapaka mafuta ya baridi kwenye kinena, akabonyeza kwa kile kifaa. Kwenye kioo kulikuwa na duara mbili nyeusi. "Hii inayodunda ni ateri, haibonyei kirahisi. Hii ya pembeni ni vena. Ikiwa na donge ndani, nikibonyeza haifungi." Akabonyeza. Vena ikafunga kabisa, ikafunguka alipoachia. Akashuka kidogo kidogo hadi nyuma ya goti, na kila alipobonyeza Gerald aliinamia kioo. Kila mara ilifunga.

"Juu hakuna donge. Kwenye shavu la mguu kunaweza kujificha dogo likapanda, kwa hiyo baada ya wiki moja mtarudi niangalie tena. Ninachokiona ni maambukizi ya ngozi yaliyoingilia kwenye ule mpasuko." Akauchora wekundu mpaka wake kwa kalamu, akaandika dawa ya kuua bakteria na ya fangasi wa vidole. "Ukikaa, inua mguu. Lakini tembea, mama. Wekundu ukivuka mstari, au kifua kikibana, njoo siku hiyohiyo."

Natalia alitoka kwa miguu yake, akichechemea, na kitanda kikarudi Endasak kitupu. Turubai lilikutwa na watu sitini chini yake, na kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshapikwa, kililiwa.

Baada ya wiki mguu ulikuwa umesinyaa, ngozi inabanduka. Rogathe alibonyeza tena vena zote, zikafunga zote, akamwambia aende zake. Gerald aliomba kipimo cha D-dimer kirudiwe, ili kuwa na uhakika. Rogathe alikataa bila kuinua kichwa.

Nje, Gerald alikaa kwenye benchi. Natalia, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikaa kwa hiari yake, alikaa kando yake. Mlima ulikuwa wazi mbele yao, na ule mkwaruzo wa tope bado ulionekana.

"Kijito kile kililia miaka thelathini," alisema. "Kila masika. Baba yako alikuwa akiamka, anasikiliza, analala. Jioni ile, baada ya kuongea na wewe, alinipigia. Alikuwa anacheka. Alisema, nimemsumbua Gerald bure."

"Ningemwambia atoke, mama."

"Ulikuwa na sauti ya kijito tu, mwanangu. Hukuwa na kingine. Hata mimi nilimwambia alale."

Gerald aliinama akalia, na yeye akamwacha alie, akamshika mgongoni. Walikaa pale muda mrefu.