Uwanja wangu, nyongeza za shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza maharage sokoni Kasulu. Kila Jumapili nikitoka Kibondo nilikuwa namkuta kibandani, naye akinipisha gunia la kukalia na kuniwashia kompyuta. Tulicheza gemu la umeneja wa mpira, klabu moja sisi wawili: yeye mikataba ya wachezaji, mimi bajeti ya usajili na uwanja. Tuliahidiana misimu kumi. Nia yangu ilikuwa moja, klabu ile ndogo iache uwanja wake wa mabati na kupata uwanja wa kweli, sisi tukiwa bado mameneja.

Msimu wa nane bodi ikakubali. Uwanja ungejengwa kwa mkopo wa kulipwa kila mwezi, na wakati wa ujenzi tungecheza uwanja wa kukodi wenye viti vichache, kwa hiyo viingilio vingepungua.

"Mishahara isipande," nikamwambia.

"Haipandi, shemeji."

Msimu wa tisa akamleta mshambuliaji asiye na klabu. "Bure kabisa," akasema. "Ada ya uhamisho hakuna."

Ada kweli haikuwepo. Mshahara wake ndio uliozidi wa kila mtu, na mara akaunti ikaanza kuporomoka zaidi kuliko mshahara huo mmoja ulivyoweza kuiporomosha. Nikafungua mikataba. Nahodha, mabeki wawili, hata kipa wa akiba: kila mmoja alikuwa na kipengele kwamba mshahara wake utapanda kulingana na wa anayelipwa zaidi.

"Hiki nani kakiweka?"

"Mimi. Walikuwa wanang'ang'ania bei, nikawapa nyongeza. Si ilikuwa haina gharama?"

"Mpaka kipa wa akiba?"

"Yule mpole, shemeji. Hanisumbuagi."

Nikajaribu kuwauza. Klabu zilizowataka zilishindwa mishahara yao. Nikaiomba bodi iongeze bajeti, ikakataa. Kisha, bila kutuuliza, ikamuuza nahodha. Tukaanza msimu wa kumi na vijana wa akademi na tukafungwa mfululizo. Ujumbe wa kufukuzwa ukaja wiki moja kabla ya uwanja kufunguliwa.

Gemu linamruhusu asiye na kazi kutazama mechi. Tukatazama. Majukwaa mapya yalijaa, na meneja mwingine alisimama pale nilipotaka kusimama mimi.

"Uwanja mzuri," shemeji akasema. "Mkono wako huo."

Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda akitaka maharage. Shemeji akampimia, akasawazisha kopo kwa kiganja, akayamimina katika mfuko alioshika mama. Yule mama hakuondoka. Aliuacha mfuko wazi, akingoja. Shemeji akanitazama kidogo, kisha akachota konzi nzima na kumwongezea.